Kutoka Muhtasari hadi Mchango: Sura ya Mwisho ya Tasnifu ya Isimu ya Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanajadili uandishi wa sura ya mwisho ya tasnifu ya isimu ya Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba matokeo ya utafiti hayawi mchango mpaka yaelezwe kwa kulinganishwa na kauli mahususi iliyokuwapo kabla yake, na kwamba mapendekezo ya utafiti zaidi yenye manufaa hutokana na sehemu ya data ambayo dai la mtafiti limeshindwa kuieleza. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa tasnifu moja ya mfano inayohusu kiambishi cha yambwa kwa majina ya wanyama.

1.0 Utangulizi

Sura ya mwisho ya tasnifu nyingi za lugha huwa na vichwa vitatu ambavyo msomaji amekwisha kuvizoea: muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Chini ya kichwa cha kwanza mwandishi hueleza kwamba sura ya kwanza ilihusu tatizo la utafiti, sura ya pili ilipitia maandishi yaliyotangulia, sura ya tatu ilieleza mbinu, na kadhalika mpaka mwisho. Chini ya kichwa cha pili hutamka kwamba malengo yote yametimia. Chini ya kichwa cha tatu hupendekeza kwamba watafiti wengine wachunguze jambo hilohilo katika lahaja nyingine au katika lugha nyingine za Kibantu.

Vichwa hivyo vyenyewe havina kosa. Kasoro ni kwamba msomaji aliyefika hapo hajifunzi jambo lolote ambalo asingelipata katika jedwali la yaliyomo. Hasara yake ni kubwa kuliko alama ambazo mtahini atazipunguza. Matokeo mazuri hubaki yamefichika katika jedwali la sura ya nne, bila mtu kuambiwa ni kauli gani ya vitabu vya sarufi inayopaswa kubadilika kwa sababu yake. Miaka michache baadaye mtafiti mwingine huanza kazi ileile kutoka mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha mahali mwenzake alipoishia.

Wataalamu wa uandishi wa kitaaluma wamelichunguza suala hili kwa njia zao. Swales (1990) alionyesha kuwa utangulizi wa makala ya utafiti huweka kwanza uwanja wa mjadala, kisha hubainisha pengo lililomo, na hatimaye mwandishi hutangaza namna atakavyolijaza. Bunton (2005), aliyechunguza sura za mwisho za tasnifu za udaktari zilizoandikwa huko Hong Kong, alitofautisha hitimisho linaloitazama tasnifu yenyewe na lile linaloutazama uwanja wa taaluma. Tukiziunganisha kauli hizo mbili tunapata kanuni moja ya kuanzia: pengo lililofunguliwa katika sura ya kwanza ndilo linalopaswa kurejelewa katika sura ya mwisho, na mwandishi aeleze kwa usahihi ni sehemu gani yake iliyojazwa na ni sehemu gani iliyobaki wazi.

Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka lakini ni ngumu kuitekeleza. Kwa hiyo katika sehemu zinazofuata tutaitumia kwa tasnifu moja, hatua kwa hatua.

2.0 Matokeo na Mchango

Yafaa tuanze kwa kutenganisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Matokeo ni kauli kuhusu data ya mtafiti. Mchango ni kauli kuhusu uhusiano wa matokeo hayo na jambo ambalo wasomi walikuwa wakiliamini, wakilidhania au wakilipuuza. Kauli ya kwanza inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajasoma kitabu chochote, mradi amehesabu vizuri. Kauli ya pili haiwezekani bila kumtaja mtu mwingine na dai lake.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Sura ya pili ya tasnifu huandikwa mapema, pengine miaka miwili kabla ya sura ya mwisho, na mwandishi huiona kuwa ni deni lililokwisha kulipwa. Anapofika mwishoni, majina yote yaliyomo katika sura ile yametoweka. Basi iko njia nyepesi ya kupima rasimu ya hitimisho: msimamizi aangalie kama limemtaja mtaalamu yeyote. Kama halikumtaja hata mmoja, ni vigumu sana kwake kuwa na mchango ndani yake, hata kama neno “mchango” limeandikwa mara kumi.

Jambo la pili ni kwamba mchango hauna budi kuwa kauli inayoweza kukanushwa. Mwandishi akisema kwamba utafiti wake “umeongeza maarifa katika taaluma ya isimu ya Kiswahili”, hakuna atakayembishia, na kwa sababu hiyohiyo hajasema kitu. Akisema kwamba kanuni fulani ya upatanisho haielezwi na uhai wa nomino peke yake, hapo amejitokeza hadharani. Msomaji anaweza kukubali, kukataa, au kutafuta data ya kumpinga.

3.0 Tasnifu ya Mfano

3.1 Tatizo

Tuichukue tasnifu tuliyoibuni kwa ajili ya makala haya. Hesabu na matokeo yake yametungwa ili kufafanulia uandishi, wala yasinukuliwe kama taarifa za utafiti uliofanyika. Hata hivyo, tatizo lenyewe ni la kweli na linajulikana.

Katika Kiswahili, kitenzi kinaweza kubeba kiambishi kinachowakilisha yambwa hata pale ambapo nomino ya yambwa imetajwa waziwazi. Kwa nomino za watu, kiambishi hicho hutarajiwa karibu kila mara:

(1) Juma alimwona mwalimu.

Kwa nomino za vitu visivyo na uhai, sentensi zote mbili zifuatazo zinakubalika, ila ya pili hudokeza kwamba kitabu kinachozungumziwa kinafahamika:

(2) Juma alinunua kitabu.
(3) Juma alikinunua kitabu.

Ashton (1944) alikwisha kukihusisha kiambishi hiki na ubainifu wa yambwa. Wald (1979) alilichunguza suala hilo kwa kuangalia uhusiano wa sintaksia na mtiririko wa usemi. Nao Bresnan na Mchombo (1987), wakichunguza Kichewa, walidai kwamba katika lugha ile kiambishi cha yambwa ni kiwakilishi, wala si alama tu ya upatanisho. Kigezo kimojawapo katika mjadala wa namna hiyo ni sentensi za kuuliza. Katika Kiswahili tunasema “Ulimwona nani?” bila tatizo, ingawa “nani” haimrejelei mtu anayefahamika, kwa hiyo kwa upande wa watu kiambishi chetu kinaelekea kuwa alama ya upatanisho.

Je, wanyama wako upande gani? Katika upatanisho wa sifa huwekwa pamoja na watu: tunasema “simba mkubwa” na “ng’ombe mkubwa”, ijapokuwa maumbo ya nomino hizo ni ya ngeli nyingine. Lakini katika kiambishi cha yambwa tunasikia yote mawili:

(4) Alinunua ng’ombe mkubwa.
(5) Alimnunua ng’ombe mkubwa.

Mtafiti wetu wa mfano anauliza ni nini kinachomfanya msemaji achague (4) au (5).

3.2 Matokeo

Amekusanya simulizi 36 kutoka kwa wasemaji 18 wa Unguja Mjini, na humo amepata sentensi 212 ambamo yambwa ni jina la mnyama lililotajwa waziwazi. Kiambishi kimetumika katika sentensi 131, na hakikutumika katika 81. Nadharia tete yake ni kwamba kiambishi hutumika pale mnyama anapoendelea kushiriki katika simulizi. Katika zile 131 zenye kiambishi, mnyama anatajwa tena baadaye katika 109. Katika zile 81 zisizo na kiambishi, mnyama hatajwi tena katika 68. Kwa hiyo sentensi 177 zinakubaliana na nadharia tete, na 35 hazikubaliani nayo.

3.3 Hitimisho kama linavyoandikwa mara nyingi

Tuseme mtafiti huyo ameandika hivi:

“Utafiti huu ulichunguza matumizi ya kiambishi cha yambwa kwa majina ya wanyama. Data ilikusanywa kutoka kwa wasemaji 18. Imebainika kwamba kiambishi kilitumika katika sentensi 131 na hakikutumika katika sentensi 81. Vilevile imethibitika kwamba mtiririko wa simulizi una nafasi muhimu katika sarufi ya Kiswahili. Malengo yote ya utafiti yametimia. Inapendekezwa kwamba utafiti zaidi ufanywe katika lahaja nyingine za Kiswahili, katika lugha nyingine za Kibantu, na kwa kutumia nadharia nyingine.”

Hakuna uongo katika aya hiyo, na Kiswahili chake ni safi. Lakini hebu tuihoji. Kauli ya tatu inarudia jedwali. Kauli ya nne, yenye kitenzi kizito “imethibitika”, imeliacha swali lililoulizwa na kuzungumzia sarufi nzima ya Kiswahili. Zile sentensi 35 hazikutajwa kabisa. Na pendekezo la mwisho lingeweza kuhamishiwa katika tasnifu ya mofolojia, ya fonolojia au ya semantiki bila kubadilishwa hata neno moja. Kauli inayofaa kila tasnifu haikutokana na tasnifu yoyote.

4.0 Kutamka Mchango

Hatua ya kwanza ni kurudi katika sura ya pili na kuandika, kwa sentensi moja moja, yale ambayo wasomi waliotajwa humo wanayashikilia kuhusu swali lililoulizwa. Kwa mfano wetu zinatosha sentensi mbili: kwamba uhai wa nomino ndio unaolazimisha kiambishi, na kwamba ubainifu ndio unaokiruhusu kwa nomino zisizo na uhai.

Hatua ya pili ni kuuliza kila sentensi imepatwa na nini baada ya utafiti: imeungwa mkono, imepunguzwa eneo lake, imegawanywa, au imepingwa? Ni mara chache sana tasnifu moja hupinga kauli nzima. Kazi ya kawaida na ya heshima ni kugawanya kile ambacho kilidhaniwa kuwa kitu kimoja.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mfano wetu. Tukiitazama tena sentensi (4), tunaona jambo ambalo mtafiti aliliona lakini hakulisema. Sifa “mkubwa” inamchukulia ng’ombe kuwa kiumbe hai, ambapo kitenzi katika sentensi hiyohiyo hakina kiambishi chochote. Iwapo uhai ungekuwa sifa moja iliyokaa ndani ya nomino na kuongoza upatanisho wote, hali hiyo isingetokea. Basi mchango wa tasnifu ni huu: kwa majina ya wanyama, upatanisho wa sifa na matumizi ya kiambishi cha yambwa haviongozwi na kigezo kimoja; cha kwanza hufuata uhai wa nomino, na cha pili hufuata pia nafasi ya mnyama katika simulizi.

Msomaji ataona kwamba kauli hiyo haina data mpya. Hitimisho si mahali pa kuleta mifano ambayo haikujadiliwa. Ila linaruhusiwa, na kwa kweli linapaswa, kuweka pamoja mambo mawili yaliyojadiliwa katika sura tofauti na kuonyesha maana ya kukutana kwao. Upatanisho wa sifa ulikuwa katika sura ya pili, na kiambishi cha yambwa katika sura ya nne. Hakuna aliyekuwa ameviweka katika sentensi moja.

5.0 Kipimo cha Dai

Mchango ukisha kutamkwa, hapana budi upimwe dhidi ya data iliyouzaa. Kipimo hicho kina pande mbili.

Upande wa kwanza ni eneo. Mtafiti wetu alisikiliza wasemaji 18 wa mji mmoja wakisimulia. Hana haki ya kusema “Waswahili” wala “Kiswahili”. Anayo haki ya kusema “simulizi za wasemaji wa Unguja Mjini waliohojiwa”. Wanafunzi huogopa kwamba kupunguza eneo kunadhoofisha dai. Kinyume chake ndicho kilicho kweli, kwani dai lililowekewa mipaka yake halipinduliwi na msemaji mmoja wa Mombasa au Mwanza atakayesema kwamba yeye hasemi hivyo.

Upande wa pili ni uzito wa kitenzi. Kiswahili kina ngazi zilizo wazi: matokeo hudokeza, huonyesha, au huthibitisha, na kati ya ngazi hizo tunaweza kusema kwamba “yanaelekea kuonyesha”. Sentensi 177 kati ya 212 zinatosha kuonyesha mwelekeo. Haziwezi kuthibitisha kwamba mtiririko wa simulizi ndio sababu, maana huenda liko jambo jingine linalokwenda sambamba nao.

Mipaka ya utafiti nayo huandikwa kwa namna hiyohiyo. Kuandika kwamba “muda na fedha havikutosha” hakumsaidii msomaji, kwa kuwa hakumwambii ni sehemu gani ya dai iliyoathirika. Mpaka wenye maana katika mfano wetu ni kwamba simulizi huwa na maswali machache mno. Kwa sababu hiyo kigezo cha sentensi za kuuliza, ambacho ni muhimu katika mjadala ulioanzia kwa Bresnan na Mchombo, hakikuweza kutumiwa kwa wanyama. Mpaka ulioelezwa hivyo unamwonyesha msomaji mahali hasa ambapo dai halijafika, na papo hapo unafungua njia ya sehemu inayofuata.

6.0 Mielekeo ya Utafiti Zaidi

Sasa tuzirudie zile sentensi 35 ambazo hazikukubaliana na nadharia tete. Katika rasimu nyingi sentensi za namna hii huitwa “tofauti ndogondogo” na kuachwa. Sisi tunadai kwamba ndizo hazina ya sura ya mwisho.

Tuseme mtafiti anazipanga upya. Katika sentensi 22 kiambishi kimetumika ingawa mnyama hatajwi tena. Kati ya hizo, 17 ziko mwishoni mwa simulizi, na mnyama alikwisha kutajwa mara kadhaa hapo awali, kama katika “wakamwua simba”. Sentensi hizo hazilipingi dai, bali zinalirekebisha: linalohusika ni ushiriki wa mnyama katika simulizi, uwe umetangulia au unafuata. Zinabaki 5 zisizoelezeka. Marekebisho haya yafanywe katika sura ya uchambuzi. Hitimisho liyapokee yakiwa tayari.

Katika sentensi 13 hali ni kinyume: hakuna kiambishi, ingawa mnyama anatajwa tena. Kati yake, 11 zina vitenzi “nunua”, “uza” na “chinja”. Hapa tatizo ni zito zaidi. Yawezekana kwamba vitenzi hivyo vyenyewe humfanya mnyama kuwa bidhaa au kitoweo, na kwamba hilo ndilo linalozuia kiambishi. Ikiwa ni hivyo, basi huenda hata katika zile sentensi 68 zilizoafiki nadharia tete, kazi ilifanywa na kitenzi na si na mtiririko wa simulizi. Data ya simulizi haiwezi kutenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa mnyama anayenunuliwa mara nyingi ndiye huyohuyo asiyetajwa tena.

Hapo tumepata pendekezo la kweli la utafiti. Lina sehemu tatu ambazo kila pendekezo linapaswa kuwa nazo: swali lililobaki, sababu ya data iliyopo kushindwa kulijibu, na aina ya data itakayolijibu. Swali ni kama kinachoongoza ni kitenzi au ni mtiririko. Data ya sasa haijibu kwa sababu mambo hayo mawili yamefungamana. Data inayohitajika ni simulizi zilizoandaliwa ambamo kitenzi “nunua” kinatumika kwa mnyama atakayekuwa mhusika mkuu na pia kwa mnyama asiyetajwa tena, kisha kitenzi “ona” kitumike vivyo hivyo. Msomaji wa uzamili anayesoma maneno hayo anaweza kuanza kazi kesho yake.

Pendekezo la pili linatokana na ule mpaka tuliouona: kupima “Ulimwona mnyama gani?” na “Uliona mnyama gani?” kwa kuwauliza wasemaji ni ipi wanayoikubali na katika mazingira gani. Simulizi haziwezi kutoa jibu hilo, ila hojaji inaweza.

Ama pendekezo la kwenda katika lugha au lahaja nyingine, hatulikatai. Tunachotaka ni sababu ya kuchagua lugha hiyo na si nyingine. Kichewa kinaweza kutajwa kwa haki, kwa kuwa Bresnan na Mchombo wamekwisha kudai kwamba kiambishi cha yambwa cha lugha ile ni kiwakilishi. Kutokana na dai hilo tunaweza kutabiri kwamba mtu ambaye lugha yake ya kwanza ina kanuni ya aina hiyo, anapozungumza Kiswahili, atapunguza kiambishi hata mbele ya majina ya watu. Pendekezo lenye utabiri ndani yake lina uzito, maana matokeo yoyote yatakayopatikana yatasema kitu.

7.0 Hitimisho Lililoandikwa Upya

Tunaweza sasa kuiandika upya ile aya ya sehemu ya 3.3:

“Tangu Ashton (1944), kiambishi cha yambwa katika Kiswahili kimehusishwa na ubainifu wa yambwa, na kwa nomino za viumbe uhai umechukuliwa kuwa sababu ya kutosha. Tasnifu hii inaonyesha kwamba, katika simulizi za wasemaji wa Unguja Mjini waliohojiwa, uhai hautoshi kwa majina ya wanyama: sifa hupatana na mnyama kama kiumbe hai kila mara, lakini kiambishi cha yambwa huelekea kutumika pale tu mnyama anaposhiriki katika simulizi. Kwa hiyo upatanisho wa sifa na kiambishi cha yambwa, ambavyo sarufi huvieleza kwa kigezo kimoja cha uhai, vinapaswa kuelezwa mbalimbali. Dai hili lina mpaka. Sentensi 11 zenye vitenzi vya kununua, kuuza na kuchinja zinadokeza kwamba huenda maana ya kitenzi ndiyo inayoongoza, na simulizi za kawaida haziwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Utafiti unaofuata unapaswa kutumia simulizi zilizoandaliwa, ambamo kitenzi na ushiriki wa mnyama vinabadilishwa kila kimoja peke yake. Iwapo itaonekana kwamba kitenzi ndicho kinachoongoza, dai letu kuhusu mtiririko litaanguka, ila lile la kutenganisha aina mbili za upatanisho litabaki.”

Aya hii inazidi ile ya kwanza kwa urefu, tena zaidi ya mara mbili. Hesabu karibu zote zimeondolewa, kwa kuwa mahali pake ni sura ya nne. Jina la mtaalamu aliyetangulia limerudi. Na sentensi ya mwisho inafanya kazi ambayo ni adimu katika tasnifu zetu: inaeleza mapema ni sehemu gani ya dai inayoweza kupinduliwa na ni ipi itakayosalimika. Mwandishi anayeweza kusema hivyo ameielewa kazi yake kuliko mtu mwingine yeyote, na mtahini atakapomuuliza swali hilo katika utetezi atakuta jibu limekwisha kuandikwa.

Kuhusu utaratibu wa kazi, tunashauri kwamba aya ya namna hii iandikwe mara tu uchambuzi unapomalizika, kabla ya kuirekebisha sura ya kwanza. Kisha sura ya kwanza na ya mwisho zisomwe pamoja, zile za kati zikiwekwa kando. Ikiwa sura ya kwanza inauliza swali ambalo ya mwisho haikulijibu, au ya mwisho inajibu swali ambalo halikuulizwa, mojawapo irekebishwe. Mara nyingi itakayorekebishwa ni ya kwanza, kwa sababu swali ambalo mtafiti alidhani anauliza si lile ambalo data yake ilijibu.

8.0 Hitimisho

Miongozo ya kawaida huigawa sura ya mwisho kwa vichwa vya muhtasari, hitimisho na mapendekezo kana kwamba ni kazi tatu zinazojitegemea. Tumejaribu kuonyesha kwamba mchango na mapendekezo ni pande mbili za kazi moja. Data inayoafiki dai ndiyo inayojenga mchango, na data inayolikataa ndiyo inayojenga mapendekezo. Mwandishi anayeificha ya pili hupoteza sehemu zote mbili, kwani dai lake hukosa mipaka na mapendekezo yake hukosa chanzo.

Hoja hii imejengwa juu ya tasnifu inayohesabu sentensi. Hatuwezi kuipeleka moja kwa moja katika tasnifu za fasihi, ambako ushahidi ni usomaji wa matini na hakuna jedwali linaloonyesha kilichobaki nje ya dai. Inawezekana kwamba huko “mabaki” ni beti au sura za riwaya ambazo fasiri ya mtafiti inazipita bila kuzigusa. Kulijua hilo kunahitaji kuzichukua tasnifu kadhaa za fasihi, kuorodhesha sehemu za matini ambazo hazikunukuliwa popote, na kuangalia kama mapendekezo ya waandishi wake yanazigusa. Kazi hiyo tunawaachia wenzetu wa fasihi, ambao wanazijua matini hizo kuliko sisi.